Kuchora ramani ya makundi ya benki kwa matawi na huduma, afu kujua nani kakwama wapi na kwanini

Ramani yenyewe unaimaliza mchana mmoja. Unaweka benki kwenye grafu, unazungushia vikundi, unapaka rangi, inapendeza, afu mtu anakuuliza swali moja tu: sasa mbona hii benki ya hapa chini haiendi kule juu wanakopata hela? Ukijibu "kwasababu ni ngumu" basi kazi hujaifanya. Mwongozo huu upo kwa ajili ya hilo swali, kwahiyo sehemu ya kuchora nitaenda nayo haraka kidogo na sehemu ya vizuizi nitakaa nayo.

Tuelewane kwanza maneno. Kundi la kimkakati ni benki zinazofanana kwenye yale maamuzi makubwa ambayo huwezi kuyageuza wiki ijayo, mfano umeamua kuwa na matawi nchi nzima au umeamua kukaa mjini na makampuni. Neno lenyewe lilitoka kwa Michael Hunt mwaka 1972, alikuwa anachambua viwanda vya vifaa vya umeme vya nyumbani huko Marekani akaona watengenezaji wako soko moja ila hawapigani vita moja. Mwaka 1977 Richard Caves na Michael Porter wakauliza lile swali gumu, kama kundi fulani linapata faida kubwa kila mwaka wengine wanashindwa nini kuhamia huko? Hicho kinachowashinda ndo kinaitwa kizuizi cha uhamaji. Kinafanana na kizuizi cha kuingia sokoni, ila hiki kinamzuia mtu ambaye tayari yuko ndani, ana leseni, ana wateja, na bado havuki.

Hatua ya kwanza: amua nani anaingia kwenye ramani

Chukua nchi moja, mwaka mmoja, na benki ambazo mteja mmoja anaweza kuhama toka moja kwenda nyingine. Hicho ndo kipimo changu. Benki ya maendeleo isiyopokea amana za watu toa nje, itakuharibia picha. Ila benki ya akiba ambayo haikopeshi sana iache ndani maana inagombania amana zilezile. Benki isiyo na tawi hata moja, ya simu tupu, iwekee alama pembeni kwanza, nitairudia mbele.

Data unazipata kwenye ripoti za mwaka za benki, ripoti ya usimamizi wa mabenki ya benki kuu, orodha ya matawi kwenye tovuti zao, na yale matangazo ya makato na ada ambayo benki nyingi zinalazimika kuyatoa. Hakikisha zote ni za tarehe moja. Nimeshaona ramani ambayo benki moja ni ya Desemba na nyingine ya miaka miwili nyuma, wakati katikati yake ishanunua mwenzake.

Hatua ya pili: pima kufika, usipime idadi ya matawi

Hapa ndo nilipoumbuka mimi. Ramani yangu ya kwanza kazini nilihesabu matawi tu. Nikaweka benki yenye matawi 48 karibu na yenye 60, nikasema hawa kundi moja. Mkuu wangu akaangalia akaniuliza, hayo 48 yako wapi? Nikaangalia, karibu yote yako jiji moja na miji mitatu ya jirani. Yule wa 60 alikuwa amesambaa nusu ya nchi. Hao hawagombanii mteja mmoja hata kidogo.

Kwahiyo kwa kila benki hesabu mikoa (au wilaya, kama data zinaruhusu) ambayo ina angalau tawi moja. Tawi la pili kwenye mkoa uleule halikuongezei kitu kwenye mhimili huu, yaani mstari wa chini wa grafu yako. Ukiwa na takwimu za watu unaweza kwenda mbali zaidi, ukahesabu asilimia ya watu wanaoishi kwenye wilaya yenye tawi lako, hiyo ni nzuri zaidi ila inachosha kuiandaa, na kwa ramani ya kwanza mikoa inatosha.

Mawakala je? Usiwachanganye na matawi kwenye namba moja. Wakala anapokea na kutoa pesa, anafungua akaunti ndogo, basi. Hapokei mauzo ya wiki ya kiwanda, hapitii hati za dhamana ya mkopo wa nyumba. Weka safu yao peke yake, utaihitaji ukifika kwenye vizuizi, maana wakala ndo kitu kinachopunguza ukali wa kizuizi cha matawi, na kinakipunguza kwa baadhi ya huduma tu.

Hatua ya tatu: pima upana wa huduma

Andika orodha ya huduma kama 20 kabla hujaangalia benki yoyote. Ukianza na brosha ya benki unayoipenda orodha yote itafanana nayo. Changanya za watu binafsi (akaunti ya mshahara, mkopo wa mshahara, kadi, mkopo wa nyumba, bima), za biashara ndogo (mkopo wa mtaji wa kuzungushia, mashine za malipo dukani), na za makampuni (barua za dhamana, barua za mkopo za kuagiza bidhaa nje, fedha za kigeni, mikopo ya pamoja ya mabenki kadhaa, uangalizi wa hisa na hati fungani). Ipo weka 1, haipo weka 0.

Mtego uko hapa: huduma iliyoandikwa kwenye tovuti inaweza kuwa inatolewa makao makuu tu. Mimi nahesabu 1 kama inapatikana kwenye tawi la kawaida au kwenye simu bila mteja kusafiri, kwa huduma za watu na biashara ndogo. Za makampuni nazihesabu hata zikiwa makao makuu maana mteja wa namna hiyo mwenyewe anahudumiwa na meneja wake maalum, habari ya tawi haimhusu sana.

Hatua ya nne: angalia kama mihimili yako inasema vitu viwili tofauti

Nitumie mfano wa kubuni, nchi yenye mikoa 30 na benki kumi, ili tufuatane. Amana ni asilimia ya amana zote za soko.

```
Benki,Matawi,Mikoa,Huduma,Amana
A,210,30,17,24
B,160,29,16,19
C,150,28,7,9
D,14,5,18,13
E,9,3,17,8
F,60,14,12,10
G,45,12,11,7
H,48,4,8,4
I,12,4,6,3
J,10,3,7,3
```

Bandika kwenye Excel kuanzia seli A1, itenganishe safu kwa Data, Text to Columns ukichagua Comma, afu kwenye seli tupu andika:

```
=CORREL(C2:C11,D2:D11)
```

Kwa data hizi inatoka kama 0.24. Hiyo ni nzuri, maana yake kujua mikoa ya benki hakukuambii huduma zake. Ikitoka 0.8 au 0.9 benki zako zote zitajipanga kwenye mstari mmoja wa mshazari kutoka kona ya chini kwenda juu, na ramani yako kimsingi itakuwa inasema "wakubwa ni wakubwa", kitu ambacho kila mtu alikijua. Mara nyingi hilo linatokea ukitumia idadi ya matawi na idadi ya wafanyakazi, au matawi na mali. Kama imetokea kwa mikoa na huduma pia, jaribu kugawa huduma, weka mhimili wa huduma za makampuni peke yake.

Hatua ya tano: chora

Mikoa chini, huduma pembeni, ukubwa wa duara uwe amana. Ukiwa kwenye Excel nenda Format Data Series uhakikishe imewekwa Area of bubbles na sio Width of bubbles, maana ukiweka Width benki A yenye 24 dhidi ya I yenye 3 itakuwa na upana mara 8, ila eneo mara 64, afu bosi ataona kama I haipo duniani.

Ukichora utaona hivi. A na B kule juu kulia, nchi nzima na kila huduma, tuwaite wakubwa. D na E juu kushoto, mikoa michache lakini huduma zote, hawa ni wa makampuni. C peke yake chini kulia, mikoa 28 huduma 7, benki ya akiba. F na G katikati. H, I na J chini kushoto. Na angalia H alivyoshuka, kwa matawi alikuwa na F na G, kwa mikoa ameenda anakostahili.

Usiogope kundi la mtu mmoja kama C. Watu wanapenda kumsukumia C kwa F na G ili kundi lionekane na watu, usifanye hivyo. Kipimo cha kundi ni hiki: kikitokea kitu kimoja sokoni, wote wataumia au kufaidika vilevile? Mfano riba za soko zikipanda ghafla, A, B na C wana amana nyingi za watu wadogo wasiodai riba, watatabasamu, wakati I na J wanaonunua amana kwa riba kubwa watabanwa shingo. F na G wataumia kiasi. C hafanani na F hapo kabisa.

Hatua ya sita: weka faida pembeni ya kila kundi

Hatua hii watu wanairuka na ndo inayoibeba kazi nzima. Kama hakuna aliyehamia kundi fulani, kuna sababu mbili zinazofanana kwa nje. Moja, kuna ukuta. Mbili, hakuna hela huko kwahiyo nani ahangaike. Bila faida huwezi kuzitofautisha.

Chukua wastani wa miaka 5, mwaka mmoja unadanganya, mkopo mmoja mkubwa ukiharibika unazamisha benki nzima. Mimi naangalia namba mbili tu: faida kabla ya kodi kwa kila 100 ya mali, na riba wanayolipa kwa kila 100 ya amana. Kwenye mfano wetu tuseme wakubwa wanapata 3.1 na wanalipa amana 2.0. Wa makampuni 2.4 na 3.5. C anapata 1.0 na analipa 1.8. Wa katikati 1.3 na 4.6. Wa chini kushoto 0.6 na 6.2.

Sasa ramani inaanza kuongea. Wakubwa wana faida ya 3.1 miaka mitano mfululizo na wapo wawili tu. Kuna ukuta hapo, lazima. Kwa C hali ni tofauti, anapata 1.0, kwahiyo kama hakuna benki iliyoamua kwenda mikoa 28 na huduma 7 usiandike "kizuizi kikubwa". Hakuna anayetaka kwenda huko, mlango unaweza kuwa wazi kabisa.

Hatua ya saba: chora mishale, chambua mmoja mmoja

Chora mshale kutoka kundi moja kwenda lile ambalo lingeweza kuhamia, na kwenye jedwali andika kila mshale na kizuizi chake. Usiandike "vizuizi vya sekta ya benki ni mtaji, leseni na teknolojia". Orodha hiyo haina mwenyewe. Kizuizi kina mwelekeo, cha kutoka F kwenda kwa wakubwa sio kile cha kutoka C kwenda hukohuko, japo wote wanafika sehemu moja. Nianze na F.

F ana huduma 12, mikoa 14. Kuongeza huduma nne tano sio shida kubwa kwake, shida ni mikoa 15 inayobaki ili afike 29. Weka hesabu hata ya kukadiria. Tuseme tawi jipya linakula hasara ya 4 mwaka wa kwanza, 3 wa pili, 1 wa tatu, afu kuanzia wa nne linaingiza 2. F akifungua matawi 5 kila mwaka kwa miaka mitatu, hasara itakuwa 20, halafu 35, halafu 40, mwaka wa nne 10, na wa tano ndo anaona faida ya 15. Jumla ameshazika 105 kabla hajaona mwanga. Kama faida ya F kwa mwaka ni 30, mwaka wa pili na wa tatu benki nzima inaingia hasara. Na hasara hizo zinakula mtaji, wakati kanuni za kimataifa za mabenki, za Basel, zinataka mtaji usipungue asilimia 8 ya mali zilizopimwa kwa hatari, na benki kuu nyingi zinataka zaidi ya hapo. Kwahiyo anafungua matawi huku uwezo wake wa kukopesha unapungua, na tawi lisilokopesha linachelewa zaidi kupata faida. Huo ni mzunguko mbaya ambao kwenye grafu hauonekani.

Halafu bado hujafika kwenye ukuta wenyewe! Matawi unaweza kuyajenga ukiwa na wenye hisa wavumilivu. Rudi kwenye zile namba za amana, F analipa 4.6 na wakubwa 2.0, tofauti 2.6. Ukichukulia amana ni robo tatu ya mali, hiyo ni kama 1.95 kwa kila 100 ya mali. Tofauti ya faida kati yao ni 1.8. Yaani amana za bei rahisi peke yake zinaelezea pengo lote na chenji inabaki, ambayo wakubwa wanaitumia kuendesha hayo matawi mengi. Ukuta wa wakubwa ni akaunti za mishahara na za watu wadogo zilizokaa pale miaka mingi, matawi ni njia tu ya kuzikusanyia. Na hizo hazihami kwa sababu umefungua jengo jirani, mtu ana mkopo wa mshahara unaokatwa hapohapo, mwajiri anapitisha malipo hapohapo, kuhama ni kumaliza mkopo kwanza.

Ukishaona hivyo swali la F linabadilika. Badala ya "tufungue matawi mangapi" anatakiwa kuuliza "tutawapataje waajiri". Na hapo ndo safu ya mawakala inapoingia, kama F anaweza kufika mikoa 15 kwa mawakala hasara ya matawi inapungua sana, ila lazima ujiulize wakala anampa mshahara gani mteja ambaye mwajiri wake bado yuko kwa A. Wakala anashusha nusu ya ukuta, nusu ya juu inabaki.

Njia nyingine ni kununua badala ya kujenga. Wells Fargo ilikuwa na nguvu magharibi na katikati ya Marekani, ikaichukua Wachovia ya mashariki, dili likafungwa mwisho wa 2008, na ramani yake ikabadilika kwa mara moja. Ila angalia lilitokea lini, Wachovia ilikuwa inazama kwenye ule mgogoro wa fedha wa 2008. Kwahiyo ukiandika "F anaweza kununua" andika pia nani anauzwa. Kwenye mfano wetu F akimnunua G anapata mikoa mipya michache tu kama wamekaa sehemu zilezile, na akimnunua C anapata kila kitu alichokosa: mikoa na amana za 1.8. Hiyo ingekuwa sentensi muhimu kuliko zote kwenye ripoti, kama C anauzika.

Sasa C. Yeye matawi anayo, amana za bei rahisi anazo, kinachomkwamisha kupanda juu ni vitu vingine kabisa. Cha kwanza kuangalia ni leseni yake. Benki za namna hii mara nyingi zimefungwa na sheria. India mfano wazi, mwaka 2015 benki kuu yao ilitoa ruhusa ya awali kwa waombaji 11 wa aina ya benki za malipo, na hizo haziruhusiwi kukopesha, na amana ya mteja mmoja ina kikomo ambacho mwaka 2021 kilipandishwa kutoka rupia 100,000 hadi 200,000. Ile ya posta ya huko, iliyozinduliwa Septemba 2018, inafika kila kona kupitia posta ila upande wa mikopo sheria imeweka nukta.

Kama leseni sio tatizo, angalia mfumo mkuu wa kompyuta. Mfumo wa benki ya akiba umejengwa kuweka na kutoa, kuuingiza mikopo ya nyumba na barua za dhamana mara nyingi ni kuubadilisha wote. Watu wanaandika "teknolojia" kama kizuizi kidogo hivi, waangalie TSB ya Uingereza. Ilitenganishwa na Lloyds mwaka 2013 ikiwa na matawi 631, ikaendelea kutumia mfumo wa Lloyds, Aprili 2018 ikahamisha wateja kwenda mfumo mpya na hadi wateja milioni 1.9 wakajikuta hawawezi kuingia kwenye akaunti zao. Desemba 2022 wasimamizi wakaipiga faini ya pauni milioni 48.65. Na hiyo ilikuwa inahamisha huduma ambazo tayari ilikuwa nazo, haikuwa inajifunza mpya.

Kizuizi cha tatu cha C ni watu. Kujua nani atarudisha mkopo haununui kwenye duka. Dalili ya benki ya akiba iliyovuka haraka kuliko uwezo wake unaiona miaka miwili mitatu baadaye: mikopo inakua kwa kasi, mikopo chechefu, yaani isiyolipwa, inaonekana midogo kwa sababu mipya haijapata muda wa kuharibika, halafu ukuaji ukisimama asilimia yake inaruka. Kwahiyo ukiona C amepanda kwenye ramani mwaka huu usimsifie haraka.

D na E nao wana mshale wao, na hapa nina maoni makali kidogo. Watu wanaona pengo la 2.4 na 3.1 wanasema D anazuiwa na matawi. Mimi naona D hataki. Yeye ana wateja wachache wakubwa na matawi 14, gharama yake ya kuendesha iko chini, na akienda rejareja anabeba kila kitu kwa ajili ya nyongeza ya 0.7 ambayo ina hatari nyingi. Ushahidi wa dunia unaegemea huko, benki ya Citi ya Marekani mwaka 2021 ilitangaza kutoka kwenye huduma za watu binafsi kwenye masoko 13, ikabaki na makampuni. Yaani mwelekeo ulikuwa kwenda kule alipo D.

Na mshale wa kurudi pia uchore, kutoka kwa wakubwa kwenda sehemu nyingine. A hawezi kuamka akafunga matawi 150. Kuna mikataba ya pango, mafao ya wafanyakazi, taarifa kwa msimamizi, siasa za mji ambao tawi ni moja tu, na zaidi ya yote zile amana rahisi zimekaa kwenye hayo matawi. Kilichowazuia wengine kuingia ndo kinachomzuia yeye kutoka.

Hatua ya nane: tenganisha ukuta wa sheria na ukuta wa muda

Kwenye jedwali la mishale ongeza safu moja tu: kizuizi hiki kinaondokaje? Cha sheria kinaweza kuondoka siku moja bungeni. Marekani inaonyesha hili vizuri kwenye mihimili yetu yote miwili. Kwenye matawi, sheria ya McFadden ya 1927 na za majimbo ziliwabana benki wasivuke jimbo kwa matawi, hadi sheria ya Riegle-Neal ya 1994 ilipofungua, na mwaka 1998 NationsBank na BankAmerica wakaungana wakapata mtandao wa pwani hadi pwani. Kwenye huduma, Glass-Steagall ya 1933 ilitenga benki za biashara na kazi za dhamana za masoko ya mitaji, na mwaka 1999 sheria ya Gramm-Leach-Bliley ikaruhusu kuwa na zote chini ya kampuni moja mama. Mtu aliyechora ramani 1993 akaandika "wa majimbo hawawezi kwenda nchi nzima" sheria ilimgeuka mwaka uliofuata tu.

Cha muda ni kile cha amana za F, hakuna bunge litakalomhamishia wateja. Ingawa nako angalia, sheria ya kumruhusu mteja kuhama na namba yake ya akaunti au kuhamisha mkopo wa mshahara bila adhabu inageuza ukuta wa muda kuwa mdogo sana, kwahiyo fuatilia mapendekezo ya benki kuu.

Hatua ya tisa: rudisha ramani miaka 5 nyuma

Chora ileile kwa data za miaka mitano iliyopita, orodha ileile ya huduma, mikoa ileile (kama serikali imegawa mikoa upya tumia mipaka ya zamani, vinginevyo benki zote zitaonekana zimepanuka wakati hakuna aliyejenga hata choo). Unganisha kila benki na ilipokuwa. Kama kuna benki ilivuka mshale ulioandika "kizuizi kikubwa" bila kununua mwenzake, umekosea kizuizi, au kimeshuka, kamtafute alipitia wapi. Na kama wengi walijaribu wakarudi, hapo una ushahidi bora kuliko hesabu yoyote ya karatasini, angalia tu kama matawi yaliyofunguliwa mwaka fulani bado yapo kwenye orodha.

Ile benki ya simu tupu tuliyoiweka pembeni iingize sasa, kwa rangi tofauti. Usiipe mikoa 0 wala 30. Iweke juu ya ramani ukiandika huduma zake tu, halafu angalia riba anayolipa kwa amana. Akilipa karibu na 6.2 ya kina I na J, amefika nchi nzima lakini bado hajaugusa ukuta wa A na B. Akianza kukusanya kwa 2.5 au 3, mhimili wako wa matawi umeshapitwa na wakati, na ramani inayofuata itabidi uichore kwa akaunti za mishahara badala ya mikoa.